Kiyoyozi Kinapokausha Kichwa: Mwongozo kwa Mfanyakazi wa Ofisini Kakamega

Kakamega hakukosi maji hewani. Mji uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, msitu uko jirani, na mvua ya alasiri ni jambo la kawaida kwa miezi mingi ya mwaka. Kwa hiyo mtu wa benki au wa ofisi za kaunti akilalamika kwamba ngozi ya kichwa inamkaza, nywele zinakatikia kwenye chanuo, na kila akishika kabati la chuma anapigwa shoti, wenzake hawadhani kwamba hewa ndiyo kavu. Humwambia anunue mafuta mazito. Ananunua. Baada ya muda kichwa kinang'aa, kinawasha, na bado kinakaza.

Mwongozo huu unaanzia kwenye hewa iliyo juu ya kiti chako, kisha ndipo ufike kwenye nywele. Ukigeuza mpango huo utatumia pesa nyingi saluni na kurudi ofisini kukausha ulichonunua.

Kiyoyozi kinafanya nini hasa

Ndani ya kiyoyozi mna mirija baridi. Feni huvuta hewa ya chumba na kuipitisha hapo, na mvuke uliomo hugeuka matone, kama unavyoona kwenye chupa ya soda iliyotoka friji. Matone hayo hukusanyika na kutoka nje kwa bomba dogo linalochuruzika ukutani. Maji yale yalikuwa hewani mwa chumba chako.

Hesabu yake si ngumu. Hewa ya nyuzi 10 za selisiasi haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 24 inaweza kubeba karibu gramu 22. Hewa iliyopozwa kwenye mirija hadi nyuzi 10, kisha ikapata joto la chumba tena, inabaki na gramu zake 9, yaani chini ya nusu ya uwezo wake. Hapo ndipo tunaposema unyevu ni asilimia 40 na kitu.

Nywele hufuata hewa. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 40, unywele hubaki na maji ya takriban sehemu 10 kwa 100 za uzito wake. Unyevu ukifika 85, maji hayo hupita 20. Unywele uliopungukiwa maji haunyumbuki vizuri, na ukivutwa na chanuo hukatika. Ngozi ya kichwa nayo hupoteza maji, hujikaza na kutoa vumbi jeupe. Umeme tuli husababishwa na hali hiyohiyo: vitu vikisuguana huzaa chaji, na hewa yenye unyevu husaidia chaji hiyo kupotea polepole. Unyevu ukishuka chini ya 40 chaji hukaa, ikingoja kidole chako kiguse chuma.

Upepo ndio unaosahaulika. Watu wawili wanaweza kukaa chumba kimoja, mmoja akalia na mwingine asione lolote, kwa sababu mmoja anapulizwa utosini tangu asubuhi hadi jioni. Upepo huondoa ule mvuke mwembamba unaozunguka ngozi, na maji ya ngozi hukimbilia kuujaza upya. Kwa maoni yangu, katika ofisi nyingi za huku kwetu upepo una lawama kubwa kuliko ukavu wa chumba kizima.

Kwanza, hakikisha ni hewa

Usibadilishe chochote kabla ya kujibu maswali haya:

1. Je, kichwa kinaanza kukaza baada ya saa chache ofisini, na kupata nafuu Jumamosi na Jumapili? Hiyo ni dalili ya hewa.
2. Je, kilianza kukaza siku ile uliyosukwa, hata kabla ya kurudi kazini? Basi ni msuko uliovutwa mno. Ukiona vipele vidogo kwenye mstari wa paji au kando ya masikio, rudi kwa msusi ufumuliwe sehemu hiyo. Usisubiri "kuzoea". Nywele zinazovutwa hivyo mara kwa mara huishia kung'oka na nyingine hazirudi.
3. Je, magamba ni makubwa, ya manjano, yenye mafuta, na kichwa kinawasha hata nyumbani? Huo ni mba, nao una tiba yake, nitaufikia.
4. Je, jirani yako wa meza naye anapigwa shoti? Kama ni wewe peke yako, angalia nguo na viatu kabla ya kulaumu chumba.

Kisha pima. Kipimaunyevu kidogo cha kidijitali hupatikana katika maduka ya vifaa vya umeme. Ukikikosa, tumia njia ya zamani ambayo vituo vya hali ya hewa vimeitumia kwa miaka mingi.

> KISANDUKU: Kupima unyevu kwa vipimajoto viwili
>
> Tafuta vipimajoto viwili vya chumba vinavyofanana (si vya homa). Viweke pamoja kwanza uhakikishe vinasoma sawa. Funga ncha ya kimoja kwa kitambaa chembamba cha pamba kilicholowa maji ya kawaida ya joto la chumba. Vipepee vyote kwa gazeti kwa dakika tatu hadi tano, mpaka kile chenye kitambaa kiache kushuka. Soma vyote viwili.
>
> Kwa mwinuko wa Kakamega, chumba kikiwa nyuzi 24:
>
> • Tofauti ya nyuzi 6: unyevu ni takriban asilimia 58. Chumba ni kizuri.
> • Tofauti ya nyuzi 8: takriban 46. Bado si mbaya, chunguza upepo.
> • Tofauti ya nyuzi 10: takriban 35. Hewa ni kavu.
>
> Pima kwenye kiti chako, kimo cha kichwa, saa nane au tisa mchana. Kipimo cha saa mbili asubuhi hakikwambii kitu.

Tahadhari moja kuhusu vipimo. Chumba cha nyuzi 18 kinaweza kuonyesha unyevu wa 55, ukafurahi bure. Hewa hiyo ina maji machache kuliko hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu wa 45, na ikigusa ngozi ya kichwa, ambayo ina joto la zaidi ya nyuzi 30, hukauka papo hapo. Soma unyevu pamoja na joto, siku zote.

Usipime pia kwa kuangalia bomba la nje. Aprili na Mei bomba huchuruzika sana kwa sababu hewa inayoingia imejaa maji, ilhali ndani hapajakauka vibaya. Januari na Februari, jua la kiangazi likiwa kali, bomba linaweza kutoa matone machache tu, na huo ndio msimu nywele zinapokatika zaidi.

Pili, rekebisha hewa ya kiti chako

1. *Chukua rimoti usome kioo chake.* Ukiona neno `DRY` au alama ya tone la maji, umekutana na kosa lililoenea kuliko yote. Watu wengi huona tone wakadhani kiyoyozi kinaongeza maji. Kazi ya `DRY` ni kukamua maji hewani, na ilitengenezwa kwa siku za mvua zenye fukuto. Bonyeza `MODE` mpaka usome `COOL`, ambayo alama yake huwa chembe ya theluji. Siku isiyo na joto, `FAN` inatosha: inapuliza bila kupoza wala kukamua.

2. *Pandisha joto hadi 24 au 25.* Kuweka 18 hakupozi chumba kwa haraka zaidi. Mashine hufanya kazi ileile kwa muda mrefu zaidi, na mirija inabaki baridi ikikamua maji kutwa nzima. Anayehisi joto apewe feni ya mezani, maana ni rahisi kumridhisha yeye peke yake kuliko kuwakausha wote.

3. *Inua vibao vya kuelekeza hewa.* Bonyeza `SWING` na ukisimamishe kibao kikielekea dari. Hewa baridi hushuka yenyewe. Kama kibao kimevunjika, kipande cha kadibodi ngumu kilichobandikwa chini ya mdomo wa kiyoyozi hufanya kazi hiyo, mradi usizibe mdomo wenyewe.

4. *Jipime upepo.* Kaa kitini, shikilia ukanda mwembamba wa karatasi ya choo juu ya utosi. Ukicheza, unapulizwa. Sogeza kiti, hata kwa urefu wa mkono, ujaribu tena mpaka utulie.

5. *Fungua madirisha mapema.* Hewa ya Kakamega saa moja asubuhi ina maji mengi hata wakati wa kiangazi. Acha madirisha wazi kabla ya kuwasha mashine, na tena saa ya chakula cha mchana ikiwa imezimwa. Hata hewa ya mchana wa Februari, pamoja na ukavu wake, kwa kawaida ina maji mengi kuliko ile iliyozungushwa ndani kutwa.

6. *Uliza kuhusu vichujio.* Kichujio kilichoziba hupunguza hewa, mirija ikazidi baridi hata kuganda barafu, na vumbi la barabara za murramu hukushukia kichwani likaonekana kama mba. Kichujio huoshwa kwa maji na kukaushwa kivulini. Kila mwezi, na mara mbili kwa mwezi wakati wa vumbi. Mwenye ufundi au aliyeagizwa afanye, umeme ukiwa umezimwa.

Beseni la maji chini ya meza halisaidii. Katika chumba cha namna hii beseni la kawaida hupoteza kama kijiko kimoja au viwili vya maji kwa saa, wakati kiyoyozi kinaweza kukamua mamia ya mililita katika muda huo. Mtakanyaga maji tu. Kunywa maji ni kuzuri kwa mwili, lakini hakufiki kwenye unywele: ukishatoka kichwani hauna uhai wala mshipa, unategemea hewa na unachopaka.

Ukitaka mambo haya yabadilike kwa ofisi nzima, kuna mlango. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Peleka vipimo vyako huko. "Saa nane mchana, nyuzi 24 na 14, meza nne za upande wa dirisha" husikilizwa kuliko "hewa hii inatumaliza."

Tatu, nywele zenyewe

Kanuni ni fupi: maji kwanza, mafuta baadaye na machache. Mafuta hayana maji ndani yake. Yakipakwa juu ya nywele kavu yanafungia ukavu. Yakipakwa juu ya unyevu yanauchelewesha kutoka.

*Nywele za asili na za rasta.* Tengeneza maji ya kupulizia: mililita 200 za maji yaliyochemshwa yakapoa, na kijiko kimoja cha chai cha gliserini. Usizidishe gliserini, kwani katika hewa kavu huanza kunata na kuvuta maji kutoka kwa nywele zako mwenyewe. Pulizia nyumbani asubuhi kwenye ngozi kati ya mistari, sugua kwa ncha za vidole, kisha paka matone machache ya mafuta mepesi. Hifadhi chupa kwenye friji na umwage yaliyobaki baada ya siku saba, maana hayana dawa ya kuzuia kuvu. Osha kichwa kilichosukwa kila baada ya wiki mbili kwa shampuu iliyochanganywa na maji katika chupa yenye mdomo mwembamba, usuuze vizuri na ukaushe mizizi kabisa. Kulala na mizizi mibichi kunaleta harufu na kuwasha.

*Nywele zilizotiwa dawa.* Hizi tayari zimedhoofishwa, na sehemu inayokatika huwa pale nywele mpya zinapokutana na zile za dawa. Kondishona ya kuacha kichwani ipakwe hapo zikiwa na unyevu, na ncha zipewe kinachobaki mkononi. Kiangazi, ahirisha draya na pasi ya nywele. Ukienda saluni mwambie dada anayekuhudumia akaushe kwa joto la chini, na umwambie mapema kabla hajawasha mashine, kwa sababu wengi huanza na la juu.

*Wigi na nywele za bandia.* Huku ndiko umeme tuli unakotoka kwa wingi, kwa kuwa nyuzi za plastiki zikisugua kola ya poliesta huchajika upesi. Changanya kijiko kimoja cha chai cha kilainishi cha nguo katika kikombe cha maji, pulizia wigi likiwa limevuliwa, acha likauke ndipo ulivae. Mchanganyiko huo usiguse ngozi ya kichwa.

*Usiku.* Funga kichwa kwa kitambaa cha satini. Leso ya pamba ina heshima zake, ila hunyonya mafuta na maji uliyopaka.

Nne, shoti

Badilisha chanuo la plastiki kwa la mbao lenye meno mapana. Vaa kitambaa cha pamba ndani ya sketi au suruali ya poliesta, hasa kama kiti chako kina magurudumu na kitambaa cha nailoni. Kabla ya kushika kabati, gusa chuma kwa ufunguo ulioushika barabara. Chaji itatokea kwenye ufunguo na kidole hakitahisi. Nywele zikianza kusimama, lowesha viganja kidogo, vikung'ute, upitishe juu ya nywele. Usitumie jeli yenye spiriti, kwani inalaza nywele kwa nusu saa kisha inazikausha zaidi.

Mfano wa hatua kwa hatua

Tuchukue karani wa dirisha la malipo, mwenye rasta za bandia, aliyekaa mita mbili mbele ya kiyoyozi. Ni Februari. Kichwa kinakaza kuanzia saa tano, rasta zinamnata kwenye blauzi, na amepaka mafuta mazito kila asubuhi.

Jumatatu saa nane anapima: nyuzi 24 kwa kipimajoto kikavu, 14 kwa chenye kitambaa. Unyevu ni 35. Rimoti inasoma `DRY`. Karatasi juu ya utosi inapepea. Hapaki chochote kipya siku hiyo. Anahamia `COOL`, joto 25, anainua kibao, na kumwomba mlinzi afungue madirisha saa moja asubuhi. Jumanne saa nane vipimo ni 24 na 16, yaani 46, na karatasi haitikisiki. Jumatano jioni anaosha kichwa kuondoa mafuta yaliyoganda, na Alhamisi anaanza maji ya kupulizia. Anasubiri wiki mbili kabla ya kuhukumu.

Angalia mpangilio wake. Angebadilisha hewa na mafuta siku moja, asingejua ni kipi kilichomsaidia. Ajue pia mpaka wa nafuu: ngozi hutulia ndani ya siku chache, shoti hupungua mara moja, lakini unywele uliokwisha kukatika hauungi. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na ncha zilizopasuka dawa yake ni mkasi.

Kama ni mba

Mba husaidiwa na kuvu wadogo wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu na kula mafuta yake. Ndiyo sababu kumwagia mba mafuta huuongeza. Famasi huuza shampuu yenye ketokonazoli. Ipake kwenye ngozi, iache dakika tatu hadi tano, suuza, kisha tia kondishona kwenye nywele tu. Kwa nywele zetu zilizojikunja mara moja kwa wiki kwa kawaida inatosha. Zaidi ya hapo nywele hukauka na unarudi ulikotoka.

Orodha ya kubandika kwenye droo

☐ Rimoti inasoma `COOL`, si `DRY`
☐ Joto ni 24 au 25
☐ Karatasi haichezi juu ya utosi
☐ Madirisha yalifunguliwa asubuhi
☐ Kipimo cha saa nane kimeandikwa
☐ Maji kabla ya mafuta
☐ Chanuo ni la mbao

Ukishafuata haya kwa wiki nne na kichwa bado kinakaza, au ukiona mabaka yasiyo na nywele, vidonda, usaha, au magamba mazito yaliyogandamana, acha kujaribu dawa za jirani. Nenda hospitali ya rufaa ya kaunti au kwa daktari wa ngozi, uombe pia upimwe damu na tezi ya shingo, kwani upungufu wa madini ya chuma na ugonjwa wa tezi hukausha na kupukutisha nywele kwa namna inayofanana sana na kiyoyozi. Kabla ya kwenda, fumua msuko. Daktari hawezi kuchunguza ngozi asiyoiona.